Mwongozo kamili: kupeleka salamu ndefu za wazee kwenye Kifaransa bila kuzivunja

Vijana ninaowafundisha ukalimani wa Kifaransa hapa Dodoma wanakwama mahali pamoja. Hotuba wanaiweza, hesabu za mavuno wanaziweza, hata utani wa mzee wanautafutia njia. Kinachowashinda ni zile dakika mbili za mwanzo, mzee anapowasalimu wageni.

Mmoja anafasiri neno kwa neno. Mgeni anaulizwa "Quelles sont les nouvelles de la maison ?", anabaki ameduwaa, anajiuliza kama kuna jambo limetokea kwake ambalo yeye hajaambiwa. Mwingine anaona salamu ni maneno ya kupitisha muda, anasema "Bonjour", kwisha. Wazee wanatazamana. Maneno yote yale yamekuwa neno moja?

Mwongozo huu ni wa hali hiyo moja tu: mzee wa kijijini anapokea wageni wanaosema Kifaransa, na wewe umesimama katikati yao. Mwishoni nitagusa barua, kwa sababu kwenye barua mambo yanageuka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafika

Chukua daftari dogo linaloshikika kwa mkono mmoja na kalamu mbili. Andika humo majina ya wageni, vyeo vyao, nani mwanamume na nani mwanamke, na kila mmoja ametoka nchi gani. Usiyaone haya kama mambo ya karani. "Karibuni" ya heshima kwa Kifaransa haisemeki sawasawa kabla hujajua jinsia na idadi ya unaowakaribisha.

Kwa upande wa wenyeji, jua mzee atakayesalimu anaitwaje na watu wake, na kama pana jambo kijijini: ugonjwa, msiba, njaa, mgogoro wa shamba. Mwulize mtu mmoja tu, mtendaji wa kijiji au balozi wa nyumba kumi. Jibu lake litakuokoa kwenye hatua ya 6.

Mwisho, uwe na dakika tano za kuzungumza na mzee pembeni, na nyingine tano na wageni ndani ya gari. Asiyepata dakika hizo kumi atazilipa baadaye mbele ya watu.

## Hatua ya 1: Jua mgeni ametoka kwenye Kifaransa kipi

Kifaransa cha Lyon na Kifaransa cha Kotonu au Kinshasa ni lugha moja, lakini adabu zake za salamu ni mbili tofauti. Hapa ndipo vitabu vingi vya kujifunzia vinapomwacha mwanafunzi.

Mgeni aliyetoka Ufaransa husalimu kwa ufupi. "Bonjour, Madame", mkono, basi, kazi ianze. Ukimwuliza habari za watoto wake na humjui, anaweza kuona umeingia chumbani bila kupiga hodi. Heshima kwake ni kumwachia nafasi.

Mgeni wa Benin, Kodivaa, Senegali au Kongo amelelewa kwenye salamu ndefu kama zetu. "Et la famille ? Et les enfants ? Et la santé ?" ni maneno ya kila siku kwake. Huyu ukimkatia salamu ya mzee ndiye atakayejisikia vibaya, maana anajua kwamba mzee amesema mengi na wewe umemnyima. Kwake unaweza kuzipeleka salamu karibu zote, tena kwa umbo la maswali. Ukimkaribisha mtu wa Afrika Magharibi kwa "Bonne arrivée !", uso utamfunguka, kwa sababu kwao hilo ndilo neno la kumpokea aliyetoka njiani. Mfaransa wa Ufaransa ataelewa, ila atajua neno limetoka kwingine.

Ikiwa kundi limechanganyika, lenga yule ambaye salamu ndefu zitamshangaza, kisha ongeza sentensi moja ya familia kwa ajili ya wale wengine.

## Hatua ya 2: Waandae watu wa pande zote mbili

Mwombe mzee, kwa adabu inayompasa: "Mzee shikamoo. Naomba ukishawasalimu wageni utulie kidogo niwafikishie, halafu uendelee." Usimwambie afupishe. Kumwambia mzee afupishe salamu ni kumwambia asiwaheshimu wageni wake.

Wageni waambie ndani ya gari: mzee atawauliza mambo kadhaa mfululizo, na kila swali linajibiwa kwa uzuri kwanza, hata kama safari ilikuwa ngumu. Wafundishe neno moja, shikamoo, na waambie wasubiri mpaka wasikie marahaba. Hilo usilifasiri. Nimeona wakalimani wakisema "Je tiens vos pieds", nimeshika miguu yako. Mfaransa akisikia hivyo anaona utumwa, na shikamoo ya mtoto kwa babu yake haina utumwa. Lieleze mara moja tu: "C'est le salut que l'on adresse à un aîné, il répond « marahaba »." Baada ya hapo liache libaki shikamoo.

Utajua umefaulu pale mgeni mwenye mvi atakapoamkiwa shikamoo na mtoto wa shule, naye aitikie marahaba bila kukugeukia wewe.

## Hatua ya 3: Sikiliza salamu yote, andika alama nne

Usianze kufasiri mzee akiwa katikati ya salamu. Salamu ya Kiswahili inazunguka: karibu inasemwa mwanzo na mwisho, pole inakuja mara mbili, habari za safari zinatangulia habari za nyumbani halafu zinarudi. Ukifuata mzunguko huo kwa Kifaransa, mgeni atadhani mzee amesahau alichokwisha kusema.

Mimi natumia herufi. N ni ngazi: nani mkubwa, nani mdogo, ameitwa nani. P ni pole. H ni kuulizana hali. Alama ya nne ni mstari mzito chini ya neno moja, "ila". Nitaeleza kwa nini.

Kila alama ina njia yake ya kuingia kwenye Kifaransa, na njia hizo hazifanani. Wanaokosea wanapitisha zote mlango mmoja.

## Hatua ya 4: Ngazi ipeleke kwa "vous" na cheo

Kiswahili kinapanga wakubwa na wadogo kwa salamu yenyewe. Kifaransa kinawapanga kwa kiwakilishi na kwa jina la kumwitia mtu. Ndiyo maana "Bonjour" peke yake haina heshima ya kutosha, lakini "Bonjour, Monsieur" inayo. Neno lenye uzito pale ni "Monsieur", na pia kule kutaja "vous" katika kila sentensi inayofuata.

Mzee akimwita mgeni mmoja "mwanangu" au "binti yangu", una kazi ndogo. Huku kwetu ni upendo. Kwa mgeni wa Paris mwenye miaka hamsini, "ma fille" kutoka kwa mtu asiyemjua inaweza kusikika kama dharau. Sema "chère Madame", na upendo utakuwa umefika kwa kipimo anachokielewa. Kwa Mkongo usiwe na wasiwasi: "papa" na "maman" kwao ni heshima za mtaani, kama baba na mama kwetu.

Mwenyekiti akisema "itifaki imezingatiwa", usihangaike na neno itifaki. Kifaransa kina maneno yake ya shughuli hiyo hiyo: "Mesdames et Messieurs, en vos titres, rangs et qualités respectifs". Wageni kutoka Afrika wanaosema Kifaransa wameyazoea mno mikutanoni.

Kuna mtego mmoja hapa. Ukisema na watu zaidi ya mmoja, Kifaransa kina "vous" tu, uwaheshimu usiwaheshimu. Kwa hiyo mbele ya kundi, "vous" haibebi heshima yoyote. Lazima uanze na "Mesdames, Messieurs", na vitenzi vyako viwe vya kuomba ruhusa: "permettez-moi de vous souhaiter la bienvenue".

Na "karibuni" yenyewe: mwanamke mmoja ni "soyez la bienvenue", wanawake watupu "soyez les bienvenues", kundi lenye mwanamume hata mmoja "soyez les bienvenus". Unaponena sauti ya "bienvenues" na "bienvenus" haitofautiani, lakini "la" na "les" zinasikika, na kwenye karatasi kosa linaonekana mara moja.

Maneno matatu ya kuchunga. "Salut" inafanana na salamu kwa sikio, lakini ni ya marafiki na vijana. Usiiweke kinywani mwa mzee. "Habari za asubuhi" ni "Bonjour". "Bon matin" kwa Wafaransa wa Ufaransa si salamu, ingawa Kanada wanaisema. Na "Bonne soirée" ni ya kuagana. Ukimpokea mgeni jioni, sema "Bonsoir".

## Hatua ya 5: Habari zigeuze ziwe matumaini, pole igeuze iwe shukrani

Swali la "habari za nyumbani?" kwa Kiswahili si swali la kutafuta taarifa. Ni kumwambia mtu kwamba unajua ana watu nyuma yake. Kwa Kifaransa swali ni swali. Ukiuliza "Comment vont vos enfants ?", mgeni atatafuta jibu la kweli: huyu anasoma, yule anaumwa meno. Na ukimwuliza maswali matano mfululizo ataona anahojiwa.

Dawa ni kulitoa swali kwenye umbo la swali. "J'espère que votre famille se porte bien." Mgeni anasikia kwamba familia yake imekumbukwa, anaitikia "Oui, merci beaucoup", na hakuna aliyesumbuliwa. Sentensi moja ya "j'espère que" inaweza kubeba safari, afya, nyumba na watoto pamoja. Swali la kweli liwe moja tu, na bora liwe la safari, kwa sababu hilo Mfaransa yeyote analipokea kwa raha: "Avez-vous fait bon voyage ?"

Pole ndiyo ngumu zaidi, na nitaipa nafasi.

Kosa ninalolisikia kila mwaka ni "Je suis désolé pour votre voyage". Kwa Kifaransa hapo umeomba radhi. Mgeni atajiuliza umemkosea nini, au safari yake imeharibika vipi. Wengine wanakimbilia "Vous avez l'air fatigués", mnaonekana mmechoka. Maneno ni ya kweli, lakini kumwambia Mfaransa, hasa mwanamke, kwamba ana uso wa uchovu ni kumwambia hajapendeza.

Jiulize pole ya safari inafanya nini. Inasema: nimeiona taabu uliyoipata ukinijia. Kifaransa kinaweza kulisema hilo kwa njia ya shukrani: "La route a été longue, merci d'être venus jusqu'à nous." Nusu ya kwanza inakiri taabu, ya pili inaipa thamani. Hiyo ndiyo pole kamili.

Pole nyingine zina njia zake. Pole na kazi, kwa mtu unayemkuta anafanya kazi, ni "Bon courage". Pole ya ugonjwa ni "Je vous souhaite un prompt rétablissement". Pole ya msiba ni "Je vous présente mes condoléances", na hiyo usiiongezee kitu. Ukikutana na mtu wa Kodivaa utamsikia akisema "yako" mwenzake anapofikwa na jambo. Ndilo neno lililo karibu zaidi na pole yetu kuliko yote niliyoyasikia kwenye Kifaransa. Lakini ni la kwao, mgeni wa Ufaransa hatalijua.

Kumshukuru Mungu nako kuna kona. Mzee akisema "tunamshukuru Mungu, wazima", wengi wanaweka "Dieu merci". Siku hizi neno hilo kwa Wafaransa limekuwa la mtu aliyeponea chupuchupu. Weka "Grâce à Dieu, nous allons bien." Na usilifute jina la Mungu kwa sababu tu mgeni hana dini. Aliyesema ni mzee, si wewe.

## Hatua ya 6: Itafute "ila"

Hapa naomba usome polepole.

Adabu yetu inataka jibu la kwanza liwe zuri. Habari? Njema. Hata mgonjwa kitandani ataanza na "sijambo kidogo". Baada ya hapo, kwa sauti ile ile, ndipo linakuja jambo lenyewe: "njema, ila…" Kwa hiyo ndani ya salamu ndefu kuna chumba cha habari za kweli, na mlango wake ni "ila", "isipokuwa", au "tu hivyo hivyo".

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikwenda na wageni kwenye kijiji kimoja cha Bahi. Mzee alisalimu vizuri sana, na katikati akasema, "Sisi wazima, tunashukuru, ila juzi tumempumzisha mwenzetu." Nilikuwa nimeshaamua kwamba salamu ni salamu. Nikasema kwa Kifaransa: wanawakaribisha, wanafurahi kuwaona. Kiongozi wa wageni akasimama, akacheka, akaanza kwa mzaha kuhusu vumbi la njiani na kuku aliyetukatiza barabara. Wazee walikaa kimya na mikono magotini. Nilimwona mama mmoja akijifunika uso kwa khanga. Kikao kilikwisha kabla ya wakati wake, na mgeni aliniuliza njiani alichokosea. Hakuwa amekosea kitu. Nilikosea mimi.

Tangu hapo napiga mstari mzito chini ya kila "ila", na nafanya mambo mawili.

Kwanza, ikiwa ni msiba, nabadili mpangilio. Ukifasiri kama ilivyo, "Nous allons bien, mais nous avons enterré quelqu'un", mgeni atasikia watu wasiojali: wako wazima, ila wamezika. Kifaransa kinataka jambo zito litangulie: "Nous vous recevons dans un moment de deuil : nous avons enterré l'un des nôtres il y a quelques jours." Halafu karibu ifuate. Angalia pia kwamba sikuandika "avant-hier". Juzi ya mzee inaweza kuwa siku mbili zilizopita, na inaweza kuwa wiki iliyopita. Kama siku ina maana, mwulize.

Pili, nasimama kidogo kabla sijaendelea, nimpe mgeni nafasi ya kutoa pole. Akiitoa, naifikisha nzima.

## Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue wageni wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, wote wa Ufaransa, wamekuja kuangalia mashamba ya zabibu Hombolo. Walitoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, kisha wakachukua gari. Mzee wa wakulima anasimama chini ya mti na kusema:

"Haya, wageni wetu, mbukwenyi! Karibuni sana. Habari za huko mtokako? Poleni na safari, maana ni mbali huko. Nyumbani mmewaacha wazima? Watoto hawajambo? Sisi hapa tunamshukuru Mungu, wazima, ila mvua ndiyo hivyo tena. Basi karibuni, hapa ni kwenu. Nawapokea kwa niaba ya wazee wenzangu. Poleni sana na safari."

Daftarini mwangu: N (kundi, wazee), mbukwenyi, H (watokako, nyumbani, watoto), P mara mbili, Mungu, ILA mvua, hapa ni kwenu.

Mbukwenyi ni salamu ya Wagogo, na mzee ameitia mbele kwa makusudi: anawaambia wageni wako kwa nani. Iache kama ilivyo na uitambulishe. Ila usiseme "en gogo". Kwa Kifaransa "un gogo" ni mtu mjinga anayetapeliwa kirahisi, na nimewaona wageni wakibana kicheko. Sema "dans la langue des Wagogo". Namna ya kuitikia mwulize mzee zile dakika tano za mwanzo, umfundishe mgeni.

Sasa mvua. Kwa Kifaransa, "parler de la pluie et du beau temps", kuongea mvua na hali nzuri ya hewa, maana yake ni kupiga soga zisizo na kitu. Mgeni akisikia mvua imetajwa kwenye salamu atadhani ni soga za kawaida, atatabasamu na kusema kwao pia inanyesha. Lakini Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mtama na uwele vinaitegemea hiyo hiyo. Mzee aliposema "ndiyo hivyo tena" alitaja chakula cha mwaka. Kwa hiyo lazima neno la wasiwasi liingie. Na kwa kuwa "ndiyo hivyo tena" haisemi imepungua au imezidi, namgeukia kwanza: "Mzee, mvua imekuwaje?" Anajibu: "Imekatika mapema." Sasa naweza kusema:

"Mesdames, Monsieur, mbukwenyi ! C'est ainsi que l'on salue dans la langue des Wagogo. Soyez les bienvenus. La route a été longue, et nous vous remercions d'être venus jusqu'à nous. Nous espérons que vos familles et vos enfants se portent bien. Ici, grâce à Dieu, nous allons bien, mais la pluie nous inquiète : elle s'est arrêtée trop tôt. Au nom des anciens, je vous accueille. Vous êtes ici chez vous."

Hesabu kilichotokea. Karibu mbili zimekuwa moja. Pole mbili zimekuwa shukrani moja. Maswali matatu yamekuwa tumaini moja. Ila imebaki, tena imeongezewa uzito. Mzee aliongea kwa niaba ya wenzake, nami nimeulinda wingi huo kwa "nous", kisha "je" mahali alipojitaja. "Hapa ni kwenu" imepata mwenzake kamili, "Vous êtes ici chez vous", na nimeiweka mwisho ili ndiyo ibaki masikioni. Na nimesema "Monsieur" kwa umoja, kwa sababu mwanamume ni mmoja.

Dalili kwamba imefika: mgeni anauliza kuhusu mvua kabla ya kuuliza kuhusu zabibu. Dalili kwamba imekwama: anacheka kwa adabu na kufungua daftari lake la maswali.

## Hatua ya 7: Kurudi kwa mzee

Mgeni atajibu kwa ufupi: "Bonjour à tous, merci de nous recevoir." Ukimpa mzee "hamjambo, asanteni kwa kutupokea", ni sahihi, lakini ni nyembamba. Hapa una haki ya kuifungua ile "bonjour" iwe salamu ya kwetu: "Wazee wetu shikamooni, na wengine wote hamjambo. Wanasema wanashukuru sana kwa mapokezi haya."

Mipaka ipo. Usiseme familia zao hazijambo kama hawakusema. Namna ya kuliepuka hilo ni kumkumbusha mgeni kwa sauti ya chini: "Il a demandé des nouvelles de vos familles." Ataongeza mwenyewe, "Elles vont bien, merci", na wewe utakuwa na kitu cha kweli cha kufikisha.

## Hatua ya 8: Salamu hiyo hiyo ikiwa barua

Wiki moja baadaye mzee atataka uwaandikie wale wageni. Atakuimlia kama barua zetu zilivyo: salamu nyingi, natumaini hamjambo, sisi huku wazima, halafu dhumuni, na mwisho "ni mimi wenu".

Kwenye barua ya Kifaransa uzito wa heshima hukaa mwishoni. Mwanzo unatosha "Madame," na sentensi moja, "J'espère que vous êtes bien rentrée et que votre famille se porte bien." Zile salamu ulizozipunguza juu, zipeleke chini kwenye sentensi ya kufunga: "Je vous prie d'agréer, Madame, l'expression de mes sentiments respectueux."

Mambo mawili yanaharibu sentensi hiyo. La kwanza, cheo cha chini lazima kiwe kile kile cha juu. Ulianza na "Madame la Présidente", funga na "Madame la Présidente", usibadili kwenda "Madame". La pili, ukianza na "En attendant votre réponse", anayesubiri lazima awe ndiye anayetajwa mara baada ya koma: "En attendant votre réponse, je vous prie d'agréer…" Ukiandika "En attendant votre réponse, veuillez agréer…", umemfanya mgeni asubiri jibu lake mwenyewe.

Na "ila" ya mzee, kama ipo ndani ya barua, ipe aya yake peke yake, katikati, kabla ya dhumuni. Nilipomsomea mzee wa Hombolo barua yake niliyoiandika kwa Kifaransa, nikiirudisha kwa Kiswahili, aya ile ya mvua ndiyo aliyoniomba niisome mara ya pili.